Hadithi fupi: Bibi na picha yake ya kwanza

Mgogo wa Pandambili (mleta uzi)

Wakuu salaam. Hadithi hii nimeiandika kutokana na jambo lililotokea nyumbani kwetu wilayani Kongwa. Majina sijaweka. Isomeni mpaka mwisho, nina swali.

Simu ya kugusa Bibi alirithi kwa shangazi aliponunua nyingine. Alikuwa akipokea na kupiga, basi. Picha zilizomo ndani yake zote alitumiwa na watu: harusi, misiba, na kitukuu chake akiwa na meno mawili. Yeye mwenyewe kamera hakuwahi kuigusa.

Siku hiyo alikuwa amekaa chini ya mkwaju, ungo mapajani, anachambua karanga za kuchanganya kwenye unga wa uji wa huyo kitukuu. Mtoto ana miezi minane, analelewa kwa Bibi kwa sababu mama yake anafanya kazi Dodoma mjini. Kwenye ungo baadhi ya karanga zilikuwa na vumbi la kijani. Ukungu kwa Bibi si mgeni; miaka mingi alikuwa anaufuta kwa kanga na kazi inaendelea. Lakini mwaka 2016, watu wa vijiji vya Dodoma na Manyara walipotapika, wakawa na macho ya manjano na matumbo kujaa, na wengine wakafa, ikaelezwa kwamba mahindi waliyokula yalikuwa na sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Tangu hapo Bibi akiuona ule ukijani mkono wake unasita.

Mjukuu wake, kijana wa kidato cha tatu aliyekuwa likizo, akamwambia, "Bibi, si umuulize huyu wa kwenye simu? Zipige picha umtumie."

Akamfungulia programu ya kuchati ya akili mnemba, akamwonyesha alama ya kujumlisha pembeni. Simu ikaandika kwamba programu inaomba ruhusa ya kutumia kamera. Bibi akasoma, akauliza ni nani anaomba.

"Ni hiyo programu. Bonyeza hapa, ruhusu mara hii tu."

"Kapiga hodi," Bibi akasema. "Apite."

Alizijaza karanga kwenye kiganja cha kushoto, akashika simu kwa mkono wa kulia, akaisogeza karibu kabisa kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Kioo kikawa ukungu mtupu. Kijana akamwambia arudi nyuma kidogo, asubiri picha itulie. Bibi akarudi nyuma, hakusubiri, akabonyeza. Na kabla kijana hajamwambia aandike swali, alishagusa mshale wa kutuma. Picha ikaenda peke yake, haina hata neno moja.

Kiduara kikazunguka sana, maana mtandao wa kwetu unategemea upepo. Jibu likaja. Bibi akaagiza miwani.

Bibi ni mtoto wa elimu ya watu wazima, ile iliyovuma Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu hiyo. Alifundishwa kusoma kwa sauti, kidole kikipita chini ya mstari. Basi akaweka kidole kwenye kioo, na maandishi yakakimbia juu. Akayarudisha, akaweka kidole, yakakimbia tena. Kijana akataka kumsomea. Bibi akamkatalia, akachomoa njiti kwenye ufagio na kuitumia badala ya kidole. Njiti kavu haisumbui kioo. Akasoma neno kwa neno.

Jibu lilikuwa fupi. Lilisema linaona kiganja cha mtu mzee chenye makunyanzi, kimebeba mbegu ndogo zenye rangi ya kahawia na waridi zinazofanana na karanga, na nyuma yake kuna kanga yenye maandishi yasiyosomeka. Mbegu chache zinaonekana kusinyaa. Kisha likauliza angependa kujua nini.

Bibi akaweka njiti chini, akakitazama kiganja chake.

"Nimemtumia karanga, yeye kaanza na uzee."

"Hukumwambia aangalie nini, Bibi. Ulimpa picha tu."

"Kweli. Na salamu sikumpa."

Akaandika mwenyewe, herufi moja moja, mpaka kuku wakaanza kusogelea ungo: *Mbukwenyi. Karanga hizi zina ukungu wa kijani. Nataka kumsagia mtoto wa miezi minane. Zinafaa?* Kijana akamshauri azimwage kwenye sahani nyeupe apige nyingine. Bibi hakutaka. Alitaka aulizwe huyo huyo, kwa picha ile ile.

Jibu la pili likawa refu. Likasema kwamba karibu na kidole gumba kuna mbegu mbili zenye doa linaloelekea ukijani, huenda ni kuvu, lakini pale picha haikutulia, kwa hiyo inaweza kuwa kivuli au udongo. Likasema kuvu wa namna hiyo wanaweza kutengeneza sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na kwamba si jicho la Bibi wala picha hiyo vingeweza kumwambia kama zile nyingine ni salama. Kwa mtoto wa umri huo, asizitumie. Akamwone afisa ugani. Na mwisho likashauri akatupe akiba yote.

Mstari huo wa mwisho Bibi aliusoma mara mbili. Akiba yote ni debe mbili zilizokwisha kumenywa.

"Huyu hajawahi kulima," akasema.

Jioni mtoto alikunywa uji wa mtama na maziwa. Debe mbili zikafungwa kwenye gunia. Hakuna aliyezila na hakuna aliyezitupa.

Swali langu wakuu: kama programu yenyewe ilikiri kwamba haikuona vizuri, ilikuwa na haki gani ya kumwambia Bibi atupe debe mbili?

---

Mama Wawili

Nimempenda Bibi na njiti yake. Mama yangu naye anateseka na kioo kinachokimbia, leo namwonyesha hiyo.

Ila mwenzenu nimeshtuka. Mimi nilituma picha ya unga wa lishe nilioununua tayari, una mahindi, karanga, soya na ulezi ndani. Nikauliza kama ni mzuri kwa mwanangu. Nikajibiwa kwamba unaonekana safi, laini na hauna dalili za wadudu. Nikaendelea kumpa. Sasa mimi nilijibiwa nini hasa?

---

Nkuhungu Mtaa wa Pili

Mkuu hizo karanga debe mnauzaje? Nipo Dodoma mjini, nikipata debe mbili nazifuata hata kesho.

---

Mgogo wa Pandambili

Nkuhungu, haziuzwi ndugu yangu. Soma hadithi.

---

Mzee wa Kibaigwa

Mimi nipo soko la nafaka Kibaigwa miaka mingi, mahindi na karanga nazijua. Tusitishane. Karanga yenye shida inajulikana: imesinyaa, imebadilika rangi, ukiitafuna ni chungu. Mwaga karanga kwenye beseni la maji, zitakazoelea ondoa. Zilizobaki anika, kisha kaanga sawasawa mpaka ziive. Moto unaua kila kitu. Bibi asitupe mali yake kwa maneno ya simu.

---

Fundi Simu Sabasaba

Nichangie upande wa picha, maana huko ndiko ninakofanyia kazi.

Kamera za simu nyingi za bei ya chini haziwezi kutulia ukizisogeza karibu kuliko urefu wa kiganja hivi. Bibi alivyoanza, karibu kabisa, ingekuwa doa tupu hata angesubiri. Dawa ni kurudi nyuma, kugusa kioo mahali karanga zilipo, kusubiri zionekane kali, ndipo upige. Kioo cha kamera kifutwe kwanza. Nimeshafungua simu za watu wazima wengi, pale nyuma pana mafuta na unga kila mara.

Jambo la pili watu wengi hawalijui. Programu hizi mara nyingi huipunguza picha kabla ya kuisoma. Picha unayoikuza wewe kwenye simu na kuona vitu vidogo vidogo, yenyewe inaweza kuwa imeipata ndogo zaidi. Bibi alipiga kiganja, kanga na mkwaju kwa pamoja, kwa hiyo karanga yenye doa ilichukua kipande kidogo mno cha picha. Unga wa kijani uliokaa kwenye ufa wa karanga hapo unapotea. Na kama mjukuu angeipitisha kwanza WhatsApp ndipo aitume, ingekuwa mbaya zaidi, kwa sababu nayo inaipunguza.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi: sahani nyeupe, kivulini lakini mchana, karanga zenye doa zitengwe zijaze picha, na chache nzima pembeni za kulinganishia.

Halafu angalieni kinachobaki nyuma ya picha. Kanga si tatizo. Lakini nimemwona mama mmoja alipiga picha dawa juu ya daftari la kikoba, majina ya wanachama, namba za simu na madeni yote yanasomeka. Vyote hivyo viliondoka pamoja na dawa.

---

Ugani Mstaafu

Nimefanya kazi ya ugani mkoa huu mpaka nilipostaafu. Nianze na Mzee wa Kibaigwa, kwa heshima, maana ana nusu ya ukweli, na hiyo nusu ni muhimu.

Kuchambua kunasaidia sana. Sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Karanga chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu, na jirani zake zikawa hazina kitu. Ndiyo maana ukitoa zilizosinyaa, zilizovunjika, zenye rangi tofauti na zilizotobolewa na wadudu, unapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Lakini kupunguza si kumaliza. Karanga inaweza kuonekana nzuri kwa nje na ikawa nayo. Na moto hauui kila kitu. Moto unaua kuvu mwenyewe, ila sumu aliyokwisha kuitema inavumilia moto wa jikoni. Kukaanga kunapunguza sehemu tu, na huwezi kujua ni sehemu gani iliyobaki.

Mama Wawili, uliambiwa kwamba unga unaonekana safi, na nina hakika ulionekana safi. Swali lako lilikuwa jingine. Unga ni mbaya zaidi kuliko punje kwa jambo hili, kwa sababu ukishasaga, ile punje moja mbovu imeenea kwenye kilo nzima na hakuna wa kuichambua tena, awe mtu au picha. Kwa watoto wadogo, ninashauri mama anunue nafaka nzima, achambue kwa mkono wake, ndipo asage. Na kama mtoto anapata mayai, dagaa, maziwa na maharage, karanga kwenye uji si lazima.

Sasa mleta uzi, umeuliza kuhusu haki. Mimi nasema jibu lile lilikuwa na maneno mawili tofauti. Kumwambia asimpe mtoto ni sawa hata kwa picha mbovu, kwa kuwa alitaja umri wa mtoto na ukungu wa kijani aliouona kwa macho yake. Hilo la ukungu lilitoka kwa Bibi, si kwenye picha. Kumwambia atupe debe mbili ni jambo lingine. Picha ilikuwa ya kiganja kimoja. Hata maabara haiwezi kusema kitu kuhusu gunia kwa kuchota kiganja kimoja cha juu. Wanachota sehemu nyingi, juu, katikati, chini na pembeni, wanachanganya, wanasaga, ndipo wanapima. Kiwango cha juu kinachokubalika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa jumla katika kila kilo. Hicho ni kidogo kiasi kwamba hakuna kamera itakayokiona.

Lakini kuna swali ambalo programu haikuuliza, na mimi ningeliuliza kabla ya kuangalia karanga zenyewe. Bibi alizimenyaje? Alinyunyizia maji?

---

Mgogo wa Pandambili

Nimempigia simu mjukuu, amemuuliza Bibi. Ndiyo. Vidole vinamuuma, kwa hiyo jioni alikuwa anamwaga karanga zenye maganda, ananyunyizia maji, anafunga gunia zilale, asubuhi maganda yamelainika anamenya. Hakumaliza kwa siku moja, alikuwa anaendelea kidogo kidogo. Anasema hata mama yake alifanya hivyo.

Mzee, umejuaje?

---

Ugani Mstaafu

Kwa sababu nimekuta hivyo kwenye nyumba nyingi za Kongwa, Mpwapwa na Chamwino, hasa kwa wazee na wanaomenya kwa ajili ya kuuza. Ganda ndilo koti la karanga. Ukililowesha na kulifunga kwenye gunia la plastiki kwa joto letu la hapa, umempa kuvu maji, joto na giza kwa usiku mzima. Karanga ilikaushwa vizuri shambani, halafu inaharibiwa wiki ya mwisho kabla ya kuliwa.

Si kwamba ndicho chanzo pekee. Mvua ikikatika mapema, mimea ikateswa na jua wakati karanga zinajaza, kuvu anaweza kuingia zikiwa bado ardhini, na sisi watu wa Dodoma tunalijua hilo jua. Ila kwa ukijani ulioonekana kwenye zilizomenywa, maji ya jioni ndiyo ninayoyashuku.

Swali linalofuata: kuna ambazo hajamenya?

---

Mgogo wa Pandambili

Zipo gunia moja na nusu, zina maganda, ziko juu ya vichanja.

---

Ugani Mstaafu

Hizo zisiguswe na maji kabisa. Achukue chache, azitikise karibu na sikio. Zikilia ndani ya ganda, zimekauka. Amenye moja, aisugue kati ya vidole: ngozi nyekundu ikitoka kirahisi, na karanga ikivunjika kwa mlio, ni kavu. Ikipinda au ngozi ikang'ang'ania, arudishe juani, juu ya turubai na si chini. Hivi ni vitu ambavyo hata angepiga picha nzuri namna gani, visingeonekana.

---

Chamwino Ikulu

Binafsi nakubaliana na programu. Mnapoteza muda kutetea debe mbili. Kama kuna shaka, tupa. Au awape kuku, kuku hawana shida.

---

Mama Wawili

Kuku tena? Mayai ya hao kuku anakula nani?

---

Ugani Mstaafu

Mama Wawili amejibu. Kuku wanadhurika, vifaranga na bata hasa, na ng'ombe wa maziwa akila mashudu yenye sumukuvu sehemu yake inatokea kwenye maziwa. Zile zenye ukungu unaoonekana azichimbie mbali na kuku. Hapo sina mjadala.

Kuhusu zilizobaki kwenye zile debe mbili, sitasema neno moja kana kwamba nimezipima. Mimi nisingempa mtoto wala mama mjamzito. Kwa mtu mzima mwenye njaa, kesi ni nyingine, na nimeona familia ambazo debe mbili ndizo mboga ya miezi. Pale Mtanana, wilayani Kongwa, pana kituo cha mambo ya mazao baada ya kuvuna kilichojengwa kwa mradi wa kudhibiti sumukuvu wa TANIPAC. Mjukuu afike akaulize kama wanapokea sampuli ya mkulima mmoja mmoja. Aende na kilo kadhaa zilizochotwa gunia zima, asiende na kiganja.

---

Mzee wa Kibaigwa

Hilo la sumu kuvumilia moto nimelipokea, Mzee. Ila la kunyunyizia maji hapa sokoni litakuwa gumu. Watu wanalipwa kwa debe kumenya, na asiyelowesha anamaliza nusu ya mwenzake. Ukimkataza umempunguzia hela. Kuna mashine za kuzungusha kwa mkono, nimeziona, lakini zinavunja karanga zikiwa ndogo ndogo kama zetu, na iliyovunjika bei inashuka.

---

Ugani Mstaafu

Ni kweli, na iliyovunjika hushambuliwa haraka zaidi. Nafasi ya kichujio ndani ya mashine inatakiwa ilingane na ukubwa wa karanga, wengi wanainunua moja kwa mbegu zote. Hata ikilingana zitavunjika baadhi. Sina jibu zuri kwa anayelipwa kwa debe.

---

Fundi Simu Sabasaba

Mleta uzi, Bibi atapiga picha nyingine?

---

Mgogo wa Pandambili

Ameshapiga. Sahani nyeupe, karanga tano zenye doa upande mmoja, tano nzima upande wa pili, mchana. Safari hii kaandika kwanza, tena marefu: salamu, kwamba amezilowesha kabla ya kumenya, zimelala kwenye gunia usiku kucha, na kwamba hataki kuambiwa habari za mikono yake. Kijana anasema mikono haimo kabisa kwenye picha.

Hajaituma bado. Kifurushi kimeisha, na anataka kwanza mjukuu aende Mtanana.

---

Nkuhungu Mtaa wa Pili

Mkuu, na hizo zenye maganda je?